Barua pepe ya Kiingereza isiyonuka Kiingereza

*Mwalimu, jambo. Mimi natumika katika biro ya tranziti hapa Lubumbashi. Shefu ananipa barua pepe za Kiingereza nizitie katika Kiswahili kwa wakala wetu wa Dar es Salaam. Wiki hii nimeandika: «Mpendwa Bwana, natumaini barua pepe hii inakupata vizuri. Ninaandika kufuatilia barua pepe yangu ya mwisho. Tafadhali tafuta ankara iliyoambatanishwa. Ningeshukuru kama ungeweza kunitumia hati ya shehena kwa urahisi wako wa mapema. Ninatazamia mbele kusikia kutoka kwako. Yako kwa uaminifu.» Kila neno nimelitafuta kwenye kamusi, lakini wakala alinipigia simu kuuliza ninataka nini hasa. Kosa liko wapi?*

Kamusi haikukudanganya. Shida ni kwamba ulitafsiri maneno, na katika barua ya kazi kila sentensi ina kazi yake: moja inasalimu, nyingine inakumbusha, nyingine inaomba. Kabla ya kufungua kamusi jiulize sentensi hii inafanya nini, halafu tafuta jinsi Mswahili wa ofisini anavyoifanya kazi hiyo.

Anza na «Mpendwa». Kwetu neno hilo ni la kanisani na la wachumba. Meneja wa Dar es Salaam ataliona ni la ajabu kidogo. Andika «Ndugu» au «Bw.» au «Bi.» pamoja na jina lake, na kama jina hulijui, cheo kinatosha: «Ndugu Meneja». Sentensi ya kutumaini kwamba barua inamkuta mtu vizuri ni ya barua za ndugu wa damu, zile zinazoendelea na habari za mama na watoto. Ofisini salamu ni neno moja: «Salaam.» Basi, umeshasalimu.

Kukumbusha kuna fomula yake iliyozoeleka Tanzania, nayo ni «Rejea». Husemi unaandika ili kufuatilia, kwa sababu anayesoma anaona kwamba umeandika. Sema: «Rejea barua pepe yetu ya tarehe 3 Machi kuhusu…» Tarehe ndiyo muhimu. «Barua ya mwisho» inamlazimisha mwenzako achimbue barua zote kujua ipi ilikuwa ya mwisho.

Kuhusu ankara: «tafuta» ni kwa kitu kilichopotea. Ukimwambia mtu atafute ankara, ataanza kuitafuta kweli, na pengine ndiyo maana alipiga simu. Kiswahili kinasema ulichofanya wewe, hakimwagizi msomaji: «Nimeambatisha ankara.» Angalia pia umbo la kitenzi. Kuambatana ni kwenda pamoja, kuambatisha ni kukipachika kitu kwenye kingine. Kwa hiyo «barua hii inaambatana na ankara» ni sawa, lakini «nimeambatana ankara», ambayo naiona mara nyingi, si sawa. Na umefanya vizuri kuacha «fakture» yetu ya hapa. Dar es Salaam ni ankara.

Sasa ombi lenyewe, ambapo barua yako ilianguka. Kiingereza kinaonyesha adabu kwa kujisogeza mbali na jambo: laiti ingewezekana, kama ungeweza. Ukiyahamisha hayo kwa -nge- unaingia mtegoni, kwa kuwa -nge- ya Kiswahili husimama kwenye jambo ambalo halipo au halikufanyika. Mtu akikuambia «ungenitumia», mara nyingi analaumu: ulipaswa kutuma na hukutuma. Na «ungeweza» inauliza kama anao uwezo, wakati hukuwa na shaka na uwezo wake. Adabu yetu inakaa kwenye neno «naomba» likifuatwa na kitenzi chenye -e mwishoni: «Naomba unitumie hati ya shehena.» Ukitaka ulaini zaidi, «Nitashukuru ukinitumia» ni nzuri, kwa -ta- na -ki-, bila -nge- yoyote. Jihadhari na «Unaombwa kutuma». Inaonekana laini, lakini ni sauti ya ofisi ya juu ikiagiza ya chini.

Kwa aliyesoma Kifaransa kama wengi wetu, kuna swali la wewe na ninyi. Kwa Kiswahili sanifu «unitumie» si utovu wa adabu, hata kwa mkubwa. Heshima imebebwa na «Ndugu» na «naomba». Ukiandikia kampuni nzima, «mtutumie» inafaa zaidi. Kinachoudhi ni kuchanganya, mstari mmoja «wewe», mwingine «ninyi».

«Kwa urahisi wako wa mapema» ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote. Kwa Kiingereza cha biashara maana yake ni haraka, imefunikwa kitambaa. Kwa Kiswahili inasikika kama «ukipata nafasi», na mwenzako ana haki ya kukuamini na kusubiri nafasi hiyo ije. Badala yake toa sababu kwanza, halafu ombi, halafu siku na saa. Saa ziandike kwa uangalifu: Lubumbashi iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Shefu akiandika 17:00 ya kwetu, kwao ni 18:00, yaani saa 12 jioni, ofisi nyingi zimeshafungwa. Taja saa za nani.

Mwisho wa barua usitazame mbele. «Tunasubiri jibu lako» inatosha, au «Natanguliza shukrani» ukiwa umeomba kitu. Kisha «Wasalaam,» na jina lako. Na juu kabisa ulisahau kichwa, ambacho Tanzania hukifungua kwa «Yah:», yaani yahusu. Nikiiandika upya yote, inakuwa hivi:

> Yah: Hati ya shehena, makontena mawili ya mabomba
>
> Ndugu Meneja,
>
> Salaam.
>
> Rejea barua pepe yetu ya tarehe 3 Machi kuhusu mzigo uliotajwa hapo juu. Hadi leo hatujapokea hati ya shehena, na bila hati hiyo hatuwezi kuanza taratibu za forodha Kasumbalesa. Tunaomba mtutumie nakala yake kabla ya Ijumaa tarehe 14 Machi, saa 9 alasiri kwa saa za Dar es Salaam.
>
> Tumeambatisha ankara ya mzigo. Mkihitaji maelezo zaidi, tupigieni simu kwa namba iliyo chini.
>
> Natanguliza shukrani.
>
> Wasalaam,

Barua hii imekuwa ndefu kuliko yako, na hilo ni sawa. Maneno yaliyoongezeka ni kichwa, sababu na tarehe, vitu ambavyo wakala alilazimika kuviuliza kwa simu.

Jambo moja dogo nje ya swali. Umeandika «natumika», na hapa Lubumbashi kila mtu ameelewa kwamba unafanya kazi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam inasikika kama kuna mtu anakutumia. Kwenye barua za huko andika «ninafanya kazi».