Mbavu za ng'ombe zikiwa ngumu baada ya saa 3, zirudishe ovenini

Mara ya kwanza kuoka mbavu za ng'ombe nilizitoa baada ya saa 3, nikakata kipande, nyama ikavutika kama mpira. Nikaamini nimezioka kupita kiasi. Nilichelewa sana kujua kwamba kosa lilikuwa kinyume chake: zilikuwa bado hazijaiva.

Mbavu zimejaa kolajeni, ile tishu ngumu inayoshikilia nyama na mfupa. Nyama ikifika digrii 65 au 70 kwa ndani, misuli imeshajikaza na kutoa maji, lakini kolajeni ndiyo kwanza inaanza kulegea na kugeuka jelatini, tena polepole. Ukionja wakati huo, unaonja nyama katika hali yake mbaya kuliko zote. Ulaini huja baadaye, ndani pakifika digrii 93 hadi 95 hivi.

Siku hizi ninachukua kilo 2 za mbavu nene, zikiwa kipande kizima. Ninabandua ule utando upande wa mfupa kwa kuuinua na ncha ya kisu, kisha kuuvuta kwa kitambaa kikavu maana huteleza. Napaka kijiko 1 cha mezani cha chumvi na kuziacha wazi kwenye friji usiku kucha. Pilipili manga na kitunguu saumu cha unga naweka asubuhi.

Oveni naiwasha digrii 130, bila feni. Saa 1 na nusu ya mwanzo mbavu hukaa wazi ili zipate rangi. Baada ya hapo nazifunga kwa karatasi mbili za alumini, pamoja na vijiko 3 vya maji, na kuziacha saa 3 nyingine bila kuzifungua. Kufunga huku kuna sababu. Nyama ikiwa wazi, maji yanayotoka juu yake huvukizwa na kuipoza, kama jasho linavyopoza mwili, hivyo kipimajoto kinaweza kuganda karibu na digrii 70 kwa muda mrefu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuongeza moto, na nyama hukauka kabla ya kulainika. Ukiifunga, mvuke hauna pa kwenda na joto linaendelea kupanda.

Saa 4 na nusu zikitimia, ninachoma kijiti cha mishikaki kati ya mifupa. Kikiingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa, zimeiva. Kikikwama hata kidogo, nazifunga tena na kupima kila baada ya dakika 20. Usitegemee mfupa kuchomoza, kwa sababu nyama hurudi nyuma mapema, hata ikiwa bado ngumu.

Mchuzi uliobaki ndani ya karatasi usiumwage. Engua mafuta, pima kikombe 1, ongeza vijiko 3 vya mezani vya asali, vijiko 2 vya siki, vijiko 2 vya nyanya nzito ya kopo na pilipili kiasi unachopenda. Chemsha hadi rojo ling'ang'anie mgongo wa kijiko. Chumvi onja kwanza, maana mchuzi tayari unayo.

Rojo hili halipakwi mapema. Niliwahi kulipaka mwanzoni, nikidhani ladha itazama ndani. Baada ya saa zote zile asali ilikuwa nyeusi na chungu, na nyama chini yake haikuwa na ladha yoyote ya ziada. Kosa la pili ni kupaka juu ya nyama iliyolowa mvuke, kwa sababu rojo lote huteremka kwenye trei. Fungua karatasi, ziache mbavu dakika 15 hadi uso wake ukauke, na wakati huo pandisha oveni hadi digrii 220.

Paka safu nyembamba, oka dakika 5, paka ya pili, oka dakika 4 au 5 nyingine. Usiondoke mbele ya oveni. Mapovu madogo ya haraka yanaonyesha bado kuna maji; yakiwa makubwa na mazito, na rangi imekuwa ya kahawia iliyoiva, toa mara moja. Ukisubiri harufu ya kuungua, umechelewa.

Mbavu za nguruwe hufuata njia hii hii, ila ni nyembamba: mara nyingi saa 2 na nusu hadi 3 kwa jumla zinatosha, na kijiti naanza kukichoma baada ya saa 2.

Kama wageni wanakuja kesho, pika leo hadi kijiti kipite, kisha weka mbavu na mchuzi kwenye friji kila kimoja peke yake. Mafuta yataganda juu ya mchuzi na utayaengua kwa urahisi zaidi. Kesho yake zipashe zikiwa zimefungwa, digrii 150 kwa dakika 40 hivi mpaka ziwe moto hadi ndani, ndipo uzifungue na kupaka rojo. Ukipaka zikiwa baridi, juu pataungua na katikati patabaki baridi vilevile.