Mama mwenye shela kwenye sarafu ya 1780

"Huyu mama mwenye shela kwenye sarafu ya fedha ya 1780 ni nani, na je, ni ya mwaka huo kweli?"

Ni Maria Theresia wa Austria, kwani maandishi yanayozunguka kichwa chake, M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG., ni Kilatini kilichofupishwa kinachomtaja kuwa, kwa neema ya Mungu, Kaisari wa Kirumi na malkia wa Hungaria na Bohemia. Mchangiaji mwingine aliyejibu kuwa ni Malkia Viktoria wa Uingereza amepatia kuhusu shela ya ujane, maana Maria Theresia alifiwa na mumewe mwaka 1765, ila Viktoria mwenyewe alizaliwa 1819.

Kuhusu umri, tafadhali usiutegemee mwaka ulioandikwa: mama huyu alifariki 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara walizoea sura hiyohiyo, sarafu iliendelea kutengenezwa ikiwa na tarehe ileile, hata Roma, London na Bombay katika karne ya 20. Herufi S. F. chini ya kifua, za majina ya maofisa wa kiwanda cha sarafu, nazo zilinakiliwa, hivyo hazithibitishi umri. Wajuzi hulinganisha lulu za bizimu begani na manyoya ya mkia wa tai upande wa pili, na picha uliyotuma haionyeshi upande huo.