Riwaya ndefu ya kozi: igawe kwa juzuu, usiigawe kwa kurasa

"Wakuu, nipo mwaka wa pili, nasoma fasihi. Muhula huu tuna riwaya nne, tatu fupi na moja ni Middlemarch, kurasa 800 na ushee. Semina zake ni wiki ya 7 hadi ya 10, majaribio ya kozi zote ni wiki ya 6, na sasa ndiyo tunaanza wiki ya 2. Kila muhula naanza vizuri, nikifika katikati darasa limeshaniacha. Mliopita huko mlikuwa mnapangaje usomaji?"

Mdogo wangu, kitabu hichohicho kilinishinda nikiwa mwaka wa pili. Mwaka wa tatu nilikutana nacho tena kwenye kozi nyingine, nikakimaliza wiki nzima kabla ya semina ya mwisho. Kasi yangu ya kusoma ilikuwa ileile. Nilichobadilisha ni namna ya kukigawa, kwa hiyo nitaeleza zaidi hapo.

Mara ya kwanza nilihesabu kurasa, nikagawanya kwa siku, nikabandika ukutani juu ya kitanda: kurasa 15 kila siku. Tatizo lilianza na nakala yenyewe. Yangu ilikuwa ya maandishi madogo niliyonunua kwa muuza vitabu vya mtumba, ya mhadhiri ilikuwa toleo jingine kabisa. Akisema "fungueni ukurasa wa 200", mimi nilikuwa natafuta mpaka mjadala unapita. Pili, ukurasa wa 15 ulikuwa unaangukia katikati ya mazungumzo, na kesho yake ilibidi nirudi nyuma kurasa tatu nne ili nijue nani alikuwa anamjibu nani. Halafu siku moja umeme ukakatika, sikusoma. Kesho yake nikawa nadaiwa kurasa 30, keshokutwa 45. Baada ya wiki mbili ile karatasi ya ukutani ilikuwa inanionyesha deni tu, nikaacha hata kuitazama. Nilikwama sura ya 13.

Baadaye niligundua kwamba watu wengi hukwama karibu na hapohapo, na kuna sababu. Sura kumi za mwanzo zinamhusu zaidi Dorothea Brooke na ndoa yake na Casaubon, yule msomi mzee. Kuanzia mwisho wa sura ya 10 mlango unafunguka, wanaingia Lydgate daktari, familia ya Vincy, mzee Featherstone na jamaa zake wanaousubiri urithi, na akina Garth. Unajiona kama umepewa kitabu kingine. George Eliot alikuwa anaandika hadithi mbili mbalimbali, moja ya Dorothea na moja ya watu wa mjini, ndipo mwaka 1871 akaziunga kuwa moja. Pale unapochoka ndipo kwenye mshono. Ukilijua hilo, sura ya 11 na ya 12 utazisoma taratibu, ukiandika majina na nani ni ndugu wa nani, badala ya kuzikimbia ili "urudi kwenye hadithi". Dorothea atarudi, ila bila watu hawa hutamwelewa.

Sasa mgawanyo. Riwaya hii haikutoka mara moja. Iliuzwa vipande vinane, kuanzia Desemba 1871 hadi Desemba 1872, na wasomaji wa kwanza walikaa wakingoja kipande kinachofuata. Vipande hivyo bado vimo ndani ya nakala yako, vimeandikwa Kitabu cha Kwanza, cha Pili, mpaka cha Nane. Mimi naviita juzuu, kwa sababu nilipoviona nilikumbuka nyumbani mwezi wa Ramadhani. Anayetaka kuhitimu Kurani hahesabu kurasa, anajua leo ni juzuu ya ngapi kati ya 30, na ukimwuliza amefika wapi anakujibu papo hapo.

Juzuu ya kwanza ni sura ya 1 hadi 12. Ya pili ni 13 hadi 22, ya tatu 23 hadi 33, ya nne 34 hadi 42, ya tano 43 hadi 53, ya sita 54 hadi 62, ya saba 63 hadi 71, na ya nane 72 hadi 86 pamoja na hitimisho. Namba za sura ni zilezile katika kila toleo, hata ukisoma kwa simu kutoka Project Gutenberg, ambako kinapatikana bure. Faida nyingine ni kwamba mwisho wa juzuu ni mahali ambapo mwandishi mwenyewe alitaka upumzike. Juzuu ya nne inafungwa na Dorothea akimsubiri mumewe usiku, baada ya siku ambayo mume amemtesa kwa ubaridi. Ukifunga kitabu hapo, unaondoka na swali kichwani, na swali hilo ndilo litakalokurudisha.

Kabla hujapanga chochote, pima kasi yako, na usiipimie sura ya kwanza ambayo ni nyepesi. Chukua sura ya 15, ambapo msimulizi anasimama kueleza maisha ya nyuma ya Lydgate, masomo yake ya udaktari na yule mwigizaji wa Paris. Washa saa ya simu, soma nusu saa, uone umekwenda kurasa ngapi. Mimi nilikwenda 12, maana yake 24 kwa saa. Juzuu moja ni kama kurasa 100, kwa hiyo kwangu ilikuwa saa nne na kidogo. Ukipata 16 kwa saa, usihuzunike, ila ujue juzuu yako ni saa sita na upange saa sita. Ratiba nyingi hufa kwa sababu mtu amepanga kwa kasi ya mtu mwingine.

Kwa tarehe zako, mimi ningefanya hivi. Semina nne kwa juzuu nane maana yake darasa litakula juzuu mbili kila wiki. Ukianza wiki ya 7 pamoja nao, ni saa nane za kitabu kimoja juu ya kazi nyingine zote, na hapo ndipo unapoachwa. Ukianza leo kwa juzuu moja kila wiki bila kukosa, utamaliza wiki ya 9, kabla tu ya semina ya mwisho. Inaonekana inatosha, lakini kuna wiki ya 6 ya majaribio, na wiki hiyo hutasoma riwaya, tukubaliane. Kwa hiyo wiki hii ya 2 na ijayo ya 3, wakati kazi bado ni chache, soma juzuu tatu, yaani moja na nusu kila wiki. Wiki ya 4 na ya 5 moja moja. Wiki ya 6 iache tupu kabisa na uiandike "tupu" kwenye kalenda. Wiki ya 7 unaingia semina ya juzuu ya kwanza na ya pili ukiwa umeshasoma tano, kisha unaendelea na ya sita, ya saba na ya nane hadi wiki ya 9. Angalia kwamba akiba yako inapungua kila wiki, kwa sababu darasa linakwenda mara mbili ya mwendo wako. Usiione ile akiba ya wiki ya 7 ukadhani una nafasi ya kupumzika.

Riwaya zile tatu fupi zipe wikendi, kila moja wikendi ya kabla ya mjadala wake. Ndefu isome siku za kazi. Nilipokuwa nazichanganya, fupi ilikuwa inashinda kila mara kwa sababu inaisha.

Saa nne za juzuu nilizigawa vikao vitano vya dakika 50, alfajiri kabla ya foleni ya bafu hosteli. Usiku sikuweza, Eliot ana sentensi ndefu na kichwa kilichochoka kinaona maneno bila maana. Kipimo changu kilikuwa hiki: nikifika mwisho wa ukurasa nisiweze kusema nani yumo chumbani na anataka nini, nimeacha kusoma, napepesa macho tu. Nilikuwa nafunga, hata kama dakika 50 hazijaisha. Kwenye daladala nilikuwa nasikiliza rekodi ya LibriVox ya sura niliyokwisha kuisoma, kamwe si sura mpya.

Baada ya kila sura niliandika mstari mmoja kwenye daftari: nani anataka nini, kwa nani, na hela ni ya nani. Hela ni muhimu sana katika kitabu hiki. Mstari wangu wa sura ya 41 ulisema: "Raffles anamjia Rigg kutaka hela, anaondoka na karatasi aliyoiokota kukazia chupa yake, ina saini ya Bulstrode." Wakati naiandika niliona haina uzito. Sura ya 53 Raffles anamtokea Bulstrode, na karatasi ile ndiyo iliyomwonyesha njia. Wenzangu darasani walikuwa wanauliza huyu Raffles katoka wapi. Sura 86 na hitimisho ni mistari 87, kurasa chache tu za daftari, na kwa mtihani hiyo mistari ilinifaa kuliko muhtasari wowote wa kununua, kwa sababu kila mstari uliniamshia sura niliyoisoma mwenyewe.

Na ukichelewa licha ya yote haya? Tuseme ni wiki ya 9, darasa linajadili sura ya 43 hadi 62, nawe upo ya 38. Kosa nililofanya mwaka wa pili ni kung'ang'ania kusoma kwa mfuatano, nikawa kila semina nipo nyuma ileile, nasikia mjadala wa mambo nisiyoyaona. Ruka. Soma muhtasari wa 39 hadi 41 kwa dakika kumi, isome yote ya 42 kwa sababu bila hiyo kifo cha Casaubon sura ya 48 na ile nyongeza ya wosia wake sura ya 50 havitakuuma inavyopaswa, kisha anza ya 43. Kwenye daftari acha mistari mitatu wazi, 39, 40 na 41, na uandike tarehe ya Jumamosi utakayorudi. Mimi niliyoyaacha wazi bila tarehe sikuyarudia.