Wosia wa mdomo: msisaini hiyo karatasi ya kikao

"Babu akiwa wodini aliwaambia shangazi na baba mdogo kwamba ploti ni ya mamangu, siku nne baadaye akafariki. Jumamosi tuna kikao cha familia tuandike wosia wake, wote tusaini. Korti itakubali? Na tunaanzia kwa chifu ama wapi, ada ni ngapi?"

Wacha hicho kikao! Mimi nilienda kortini na karatasi ya sahihi 14 na madoa ya chai, na katika hao 14 waliomsikia mzee ni watatu tu, wengine walisimuliwa matangani. Hakimu akauliza nani alikuwa chumbani. Kimya.

Aliyetuingiza huko ni binamu mmoja anayejiita nusu wakili, eti "ukoo ukikubaliana korti haina neno." Nusu wakili, hasara nzima. Na mandazi ya vikao vyote vitano alikula yeye.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 9, inataka mzee aseme mbele ya watu wazima wawili au zaidi wenye akili timamu, na afe ndani ya miezi 3 tangu aseme. Hapo tulipita, babangu alisema Machi akaenda wiki 5 baadaye. Kilichotumaliza ni kifungu cha 10: mashahidi wakipishana kuhusu alichosema, wosia haushiki, ila kwa kile kitakachothibitishwa na shahidi huru, yaani mtu ambaye wosia haumpi kitu wala haumpi mumewe au mkewe.

Sasa ona balaa. Shangazi akaapa mzee alisema shamba la mtoni "apewe" huyu, yaani mimi. Kakangu akaapa alisema "alime". Neno moja tu jamani, apewe ama alime, na ekari mbili ziko katikati! Wa tatu ni mke wangu, si huru. Kakangu aliachiwa nyumba, si huru. Shangazi nilidhani yuko salama, kumbe kwenye maneno yaleyale mzee alimpa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hata maziwa hakuwa nayo.

Na mtu huru alikuwepo! Jirani alikuwa anamnyoa mzee ndevu, beseni mkononi, alisikia yote. Hatukumwita kikaoni kwa sababu "si wa ukoo". Kesi kufika kusikizwa miaka miwili imepita, naye alishazikwa. Shamba likagawanywa sawa kwa watoto wote sita kama vile mzee hakufungua mdomo.

Kwa hivyo kabla ya Jumamosi mtafuteni mtu baki aliyesikia kwa masikio yake, aandike maneno ya babu vilevile alivyoyatamka, kwa lugha ileile, aape mbele ya wakili. Shangazi na baba mdogo nao waandike kila mtu kivyake, kabla hawajakaa pamoja kukumbushana. Na uulize kama babu aliwapa hao wawili chochote siku hiyo, hata mbuzi.

Kitanda cha pili wodini alilala nani? Na nesi wa zamu?