Feni koili inabwabwaja usiku

"Hoteli yetu Mtwara, feni koili za darini, zile mashine za kupoza vyumba, zinabwabwaja usiku na maji yanadondoka. Tubadilishe mashine?"

Bado, ndugu. Zima feni usikilize bomba la kutolea maji: maji yakitoka kwa mkupuo, basi feni ilikuwa inavuta hewa kupitia bomba hilo na kuyazuia maji kwenye sinia la kuyakinga chini ya koili. Weka mtego wa maji, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ili hewa isipite, wa kina cha milimita 50 hivi. Fundi akiwaambia muongeze mteremko wa bomba, yuko sahihi nusu. Sentimita 1 kwa mita inatosha, ila mteremko hauzuii hewa. Kipupwe, mashine zisipopoza, mtego hukauka, mimina maji.

Mngurumo wa feni yenyewe ni kesi nyingine. Hapo nani alichagua mashine inayotosheleza chumba kwa spidi ya juu tu? Ilipaswa kukitosheleza kwa spidi ya kati.