Kihispania cha kuzungushia wageni shamba la viungo

Swali: Jamani wiki ijayo nina wageni wa Kihispania pale shambani Kizimbani, Zanzibar, naomba maneno ya mdalasini na karafuu, kunusa na kuonja.

Jibu: Usianze na jina la mti kaka, wape jani kwanza useme "froten y huelan", yaani wafikiche wanuse, halafu "¿a qué huele?", yaani linanukia nini, waache wabishane kidogo. Mdalasini kwangua gamba la tawi, ni "canela", hilo watalijua wote, ila utamu uko kwenye mzizi, chokoa kidogo wanuse, unanukia kafuri kabisa, "la raíz huele a alcanfor", hapo ndo simu zinatoka mifukoni. Karafuu ni "clavo", wengi wanadhani ni mbegu so waambie "es el botón de la flor, se recoge antes de abrirse", yaani ni tumba la ua, linachumwa kabla halijafunguka. Kuonja sema "muerdan solo la puntita, adormece la lengua", yaani wang'ate kincha tu, inatia ulimi ganzi, maana akitafuna nzima ataitema na ulimi ushakufa ganzi. Ila kabla hujampa mtu kitu mdomoni uliza "¿alguien tiene alergia?", yaani kuna mwenye aleji, hiyo usiiruke hata kama mmechelewa.

Mwingine: Na pilipili manga sema tu "caliente", wataelewa.

Jibu: Hapana bana, hiyo ni moto wa chai, watadhani umeipika. Ukali ni "pica", "pica mucho".

Mwingine: Mi wangu Wareno, si wataelewa hayohayo?