Nukta, Mstari wa Chini na Kistari: Nilivyomwachia Tapeli Jina Langu

Mama mmoja aliingia dukani kwangu akiwa ameshika simu. "Mwanangu, hela ya bodaboda nimewatumia tangu juzi, mbona hamjaja kuchukua nguo?" Akaunti aliyoitumia ilikuwa na picha zangu na bei zangu, lakini haikuwa yangu.

Jina halisi la duka sitalitaja; tuseme lilikuwa Ng'arisha Dobi, maana shida yake ni ileile. Kwenye Instagram nilijisajili kama `ngarisha.dobi`, kwa kuwa nukta ilinipendeza. X haikubali nukta, nikaandika `ngarisha_dobi`. Kikoa cha tovuti nacho hakipokei mstari wa chini, nikaishia kulipia `ngarisha-dobi.co.tz`. Nikawa na tahajia tatu, huku ile ambayo mteja yeyote angeiandika bila kufikiri, `ngarishadobi`, nimeiacha haina mwenyewe. Instagram huhesabu jina lenye nukta na lisilo na nukta kuwa akaunti mbili, kwa hiyo tapeli hakuhitaji ujanja wowote. Cheti cha BRELA nilikuwa nacho, lakini usajili wa jina la biashara haukuhifadhii kikoa wala jina la akaunti.

Niliiripoti akaunti ile, kisha, badala ya kusubiri, nikatafuta tahajia itakayopita kila mahali: herufi tupu, bila alama, zisizozidi 15, kwa kuwa hicho ndicho kikomo cha X. Nikageuza maneno kuwa Dobi Ng'arisha, yaani `dobingarisha`, herufi 12. Kabla ya kulipa chochote nilihakikisha siku hiyohiyo kwamba liko wazi Instagram, Facebook, X na kwenye `.co.tz`, nikayachukua yote kwa mkupuo mmoja, hata yale ambayo sikukusudia kuyatumia. Kibao kilipakwa rangi upya ili kisomeke hivyohivyo.

Ritifaa niliibakiza kwenye kibao, kwa sababu bila hiyo watu husoma "nga" kama ya "ngazi", lakini mtandaoni haina nafasi. Tatizo lililobaki lilikuwa la sikio. Nilimpigia shangazi, nikamtajia jina mara moja tu na kumwomba aandike alichosikia. Akaniandikia "dobi ngalisha". Kwa hiyo nililipia pia `dobingalisha.co.tz` na kuielekeza moja kwa moja kwenye tovuti kuu. Makosa mengine niliyaacha, kwani kila kikoa hulipiwa upya kila mwaka na makosa hayana mwisho.

Tovuti sasa inaorodhesha akaunti zetu, na kila akaunti ina kiungo cha kurudi kwenye tovuti. Lipa Namba nayo niliibadilisha jina, kwa sababu ndilo mteja analoliona kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Yule mama, alipokuja tena, alinisomea jina hilo kwa sauti, herufi kwa herufi akilinganisha na kibao, ndipo akalipa.